Mahasimu Wanaopendana: Motifu Moja ya Mapenzi na Siri ya Mvuto Wake

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Mada ilihusu mapenzi katika riwaya na filamu. Mwanafunzi mmoja, msichana mwerevu ambaye nadra akosee sarufi, alikuwa ameandika kwamba mvulana anayemtukana msichana mbele ya watu ndiye ampendaye kwa dhati, na kwamba yule anayemsemesha kwa upole hana lolote. Ushahidi wake ulikuwa filamu tatu alizotazama likizoni. Nilipiga mstari mwekundu chini ya sentensi hiyo na kuandika pambizoni, 'Si kweli.' Siku ya kurudisha madaftari alinijia, akaniuliza kwa adabu: 'Mwalimu, ikiwa si kweli, mbona hadithi zote tamu huanza hivyo?'

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Niliona mara moja kwamba alama yangu nyekundu ilikuwa imekataa hoja bila kuijibu. Hadithi alizozitaja huanza hivyo kweli, na hadhira huzipenda kweli. Makala haya ni jaribio la kumjibu, na kukujibu wewe mwalimu mwenzangu ambaye bila shaka umewahi kuulizwa swali kama hilo.

Motifu tunayoizungumzia

Motifu, kama ujuavyo, ni kipengele cha kisanaa kinachorudiwarudiwa katika kazi mbalimbali hadi msomaji akakitambua kikijitokeza tu. Hadithi za mapenzi zina motifu nyingi za aina hii. Kuna marafiki wa tangu utotoni wanaogundua ukubwani kuwa wanapendana. Kuna mapenzi ya utatu, ambapo wawili wanamwania mmoja. Kuna wachumba wa kubuni wanaojifanya wapenzi kwa sababu ya fedha au heshima, kisha mchezo ukawa kweli. Katika makala haya nitashughulikia moja tu, ile ya mahasimu wanaogeuka kuwa wapenzi.

Mtahiniwa asiichanganye motifu hii na ile ya Romeo na Juliet. Katika tamthilia hiyo ya Shakespeare, uhasama umo baina ya koo mbili. Vijana wenyewe wanapendana tangu wanapoonana. Kizuizi kiko nje yao. Katika motifu yetu, kizuizi kimo ndani ya wahusika wawili wenyewe. Hawa hawazuiwi na baba wala ukoo. Wanazuiwa na jinsi kila mmoja anavyomwona mwenzake. Tofauti hii ndiyo msingi wa yote yatakayofuata.

Kama mfano nitatumia riwaya ya Pride and Prejudice ya Jane Austen wa Uingereza, iliyochapishwa mwaka wa 1813. Jina lake tunaweza kulifasiri kama 'Majivuno na Dhana Potovu'. Sikuichagua kwa kuwa ni kongwe. Nimeichagua kwa sababu hadithi nyingi za mahasimu wanaopendana zinazoonekana leo katika filamu na tamthilia za runinga zimefuata njia iliyofyekwa humo, na kwa sababu ukiifungua kama fundi anavyofungua saa, utaona kila gurudumu na kazi yake.

Uhasama una sababu

Elizabeth Bennet ni binti wa pili kati ya mabinti watano. Babake ana kipato cha pauni 2,000 kwa mwaka, lakini kisheria makao yao hayawezi kurithiwa na binti. Babake akifa, nyumba na ardhi vitakwenda kwa jamaa yao wa kiume, kasisi aitwaye Collins. Darcy naye ni kijana tajiri ambaye inasemekana hupata pauni 10,000 kwa mwaka, yaani mara tano ya kipato cha mzee Bennet.

Wanakutana kwenye dansi ya mji. Rafikiye Darcy, Bingley, anamhimiza acheze na Elizabeth. Darcy anakataa, akieleza kwa maneno ambayo Elizabeth anayasikia kwamba binti huyo si mrembo kiasi cha kumvutia. Elizabeth halii. Anakwenda kuwasimulia marafiki zake kisa hicho kwa kicheko. Lakini ndani mwake jeraha limeingia, na kuanzia hapo hatasikia jema lolote kumhusu Darcy.

Tazama ujenzi wa mwandishi. Uhasama haukuzuka hivi hivi. Umetokana na tukio moja dogo, lenye mashahidi, ambalo msomaji yeyote aliyewahi kudharauliwa hadharani analielewa. Kisha mwandishi anaongeza kuni. Afisa kijana wa jeshi, Wickham, mwenye sura nzuri na ulimi wa asali, anamwambia Elizabeth kuwa Darcy alimdhulumu kazi ya ukasisi aliyoahidiwa na marehemu babake Darcy. Elizabeth anaamini papo hapo. Anaamini kwa nini? Kwa sababu Wickham amemsifu na Darcy amemdharau. Hana ushahidi mwingine.

Inafaa kujua kwamba Austen aliandika rasimu ya kwanza ya hadithi hii katika miaka ya 1796 na 1797, na jina aliloipa wakati huo lilikuwa na maana ya 'Maoni ya Kwanza'. Jina hilo lilibadilishwa baadaye, lakini linatufichulia kiini cha riwaya. Kisa hiki kinahusu wasomaji wawili wabaya. Kila mmoja amemsoma mwenzake ukurasa wa kwanza tu, akatoa hukumu.

Hapa tunapata sababu ya kwanza ya hadhira kufurahia motifu hii. Uhasama ni namna ya kumzingatia mtu. Usiyemjali humkumbuki, unayemchukia unamwangalia kila anapopita. Mapema, kufikia sura ya sita, Darcy ameanza kuyatazama macho ya Elizabeth bila kupenda. Elizabeth naye hukumbuka kila neno la Darcy ili apate la kujibu. Msomaji anaona jambo ambalo wahusika hawalioni: kwamba watu hawa wawili wanashughulishana kuliko mtu mwingine yeyote chumbani. Hiki ni kinaya cha kidrama, na utamu wake ni kama wa mtu anayejua siri.

Utani huu wa maneno una sharti moja. Sisi tuna desturi ya utani baina ya mabinamu, na baina ya mababu na wajukuu. Katika utani neno kali halileti vita, kwa kuwa kila upande una haki ya kujibu. Akosaye haki ya kujibu si mtani, huyo anaonewa. Elizabeth ni maskini mbele ya Darcy, lakini kwa ulimi ni sawa naye, pengine amemzidi. Kila anapochokozwa anajibu, na Darcy analazimika kusikiliza. Toa usawa huo na hadithi nzima itageuka kuwa kisa cha tajiri anayemdhalilisha maskini.

Posa iliyokataliwa

Riwaya hii ina sura 61. Katika sura ya 34, yaani kupita katikati kidogo, Darcy anamjia Elizabeth ghafla katika nyumba ya kasisi huko Hunsford na kumposa. Wasomaji wa mara ya kwanza hushtuka. Kwa kawaida tungetarajia posa mwishoni. Mwandishi ameiweka katikati makusudi, na imekosewa makusudi.

Darcy anasema anampenda, lakini anatumia muda mrefu kueleza jinsi alivyopambana na mapenzi hayo kwa sababu ya uduni wa jamaa za Elizabeth. Anaomba mkono wake huku akimtukana ukoo. Isitoshe, hana shaka kwamba atakubaliwa. Elizabeth anakataa, na anatoa sababu tatu: Darcy amemtenganisha dadake Jane na Bingley, amemdhulumu Wickham, na mwenendo wake si wa muungwana.

Kumbuka uzito wa kukataa huku. Elizabeth amekwisha kumkataa Collins, mrithi wa nyumba yao. Rafikiye mpenzi, Charlotte, mwenye umri wa miaka 27, amemkubali Collins huyo huyo bila mapenzi, kwa sababu anahitaji makao. Charlotte yuko pale kutuonyesha kwamba mwanamke asiye na mali katika jamii ile hakuwa na anasa ya kuchagua. Elizabeth anapokataa pauni 10,000 kwa mwaka, anahatarisha maisha yake ya baadaye ili ailinde heshima yake. Hadhira inampenda kwa hilo. Na la muhimu kwa swali la mwanafunzi wangu: tusi la Darcy halikumletea mapenzi. Lilimletea mlango uliofungwa. Hadi hapa, mvulana anayetukana ameshindwa.

Barua na kusoma upya

Kesho yake Darcy anampa Elizabeth barua, kisha anaondoka. Barua hiyo ndiyo bawaba ya riwaya. Ndani yake hamposi tena wala hamlilii. Anajibu mashtaka mawili. Kuhusu Jane anaeleza kwamba hakuona dalili ya mapenzi kwake, ndipo akamshauri rafikiye ajitenge. Kuhusu Wickham anafichua kwamba kijana huyo mwenyewe aliukataa ukasisi, akalipwa pauni 3,000 badala yake, akazitapanya, na kisha akajaribu kumtorosha dadake Darcy, Georgiana, aliyekuwa na umri wa miaka 15 na urithi wa pauni 30,000.

Sasa tazama anachofanya Elizabeth katika sura ya 36. Mara ya kwanza anaisoma barua kwa hasira, akitaka iwe uongo. Kisha anaisoma tena polepole. Anaanza kukumbuka mambo aliyoyaona kwa macho yake lakini hakuyapima. Kwa nini Wickham alimwambia mgeni siri nzito namna ile siku za mwanzo kabisa za kujuana? Kwa nini alijigamba kwamba hamwogopi Darcy, kisha akakosa kufika kwenye dansi ambayo Darcy alikuwepo? Kwa nini alingoja hadi Darcy alipoondoka ndipo akaueneza mji mzima hadithi yake? Ushahidi ulikuwepo tangu awali. Ni yeye aliyeusoma vibaya kwa sababu ya jeraha la majivuno yake. Anajiona kipofu, na anaona aibu. Usilolijua ni usiku wa kiza, na kiza hiki alikiwasha taa mwenyewe.

Mwalimu mwenzangu, hapa ndipo mahali pa kusimama na wanafunzi kwa muda mrefu. Wengi hudhani kwamba jina la riwaya linawagawa wahusika wawili, Darcy akiwa na majivuno na Elizabeth akiwa na dhana potovu. Sura hii inatuonyesha kwamba kila mmoja ana yote mawili. Na hapa ndipo ilipo sababu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kuu, ya hadhira kuipenda motifu hii. Tunafurahia kuona hukumu ikirekebishwa. Katika maisha ya kawaida, aliyetukosea mara ya kwanza huwa tumemfunga kwenye kosa hilo, nasi pia tumefungwa kwenye makosa yetu machoni pa wengine. Hadithi ya mahasimu wanaopendana hutuahidi kwamba mtu anaweza kusomwa upya. Msomaji naye amehusishwa, kwa sababu yeye pia alimwamini Wickham. Anaporudi nyuma pamoja na Elizabeth, anajikuta akijisahihisha mwenyewe.

Tendo la siri

Kusahihisha hukumu peke yake hakutoshi. Lazima mabadiliko yathibitishwe, na hapa ndipo kazi nyingi dhaifu huanguka.

Austen anathibitisha kwa hatua mbili. Kwanza, katika sura ya 43, Elizabeth anazuru makao ya Darcy huko Pemberley akiwa na mjomba wake Gardiner na mkewe, akidhani mwenyeji hayupo. Mtunza nyumba, aliyemjua Darcy tangu akiwa na miaka minne, anamsifu kwa upole wake. Huyu ni shahidi ambaye hana la kupata kwa kudanganya. Kisha Darcy anatokea bila kutarajiwa. Anawakaribisha akina Gardiner kwa heshima. Mjomba huyu ni mfanyabiashara wa London, mmoja wa wale jamaa 'duni' aliowatukana wakati wa posa. Darcy hatoi hotuba ya kuomba radhi. Anatenda kinyume cha lile kosa lake.

Pili, dada mdogo wa Elizabeth, Lydia, anatoroka na Wickham bila ndoa. Katika jamii ile aibu hiyo ingewafungia milango ya ndoa dada zote watano. Darcy anakwenda London, anawasaka, analipa madeni ya Wickham yanayozidi pauni 1,000, anaongeza pauni 1,000 nyingine kwa ajili ya Lydia, na kumnunulia Wickham cheo jeshini ili amwoe. Anafanya haya kwa ajili ya mtu anayemdharau kuliko wote, na anaomba jambo lifichwe. Elizabeth anajua tu kwa sababu Lydia, ambaye hawezi kuuzuia ulimi wake, anatamka kwamba Darcy alikuwepo kwenye harusi. Ndipo Elizabeth anamwandikia mkewe mjomba na kupata maelezo kamili.

Neno la kushika ni siri. Tendo lililofanywa ili lionekane ni biashara. Lililofanywa bila kutarajia malipo ni tabia. Mwandishi amehakikisha kwamba Darcy hawezi kudai chochote. Hata posa ya pili katika sura ya 58 inaanza kwa yeye kumwambia Elizabeth kwamba akikataa, hatamsumbua tena. Linganisha na posa ya kwanza, ambapo hakuwa na shaka ya kukubaliwa. Umbali kati ya posa hizo mbili ndio urefu wa hadithi.

Hii inatupa sababu ya tatu ya mvuto. Hadhira ya hadithi hizi hujua tangu mwanzo kwamba wawili hawa wataoana. Taharuki haitokani na swali la 'nini kitatokea?' bali 'kitatokeaje?' Tunataka kuona gharama ikilipwa. Darcy analipa kwa majivuno yake na fedha zake. Elizabeth analipa kwa kukiri kwamba alikosea, jambo gumu kwa mtu aliyejivunia akili yake ya kuwasoma watu. Methali yetu husema wagombanao ndio wapatanao. Riwaya hii inauliza wanapatana kwa njia gani.

Motifu inapohamia kwenye filamu

Filamu ina tatizo ambalo riwaya haina: kusoma barua mara mbili si jambo la kutazamika. Kwa hiyo watengenezaji hutafuta njia nyingine, na kila njia ina faida na hasara.

Filamu ya mwaka wa 2005, iliyoongozwa na Joe Wright, iliitoa posa ya kwanza nyumbani kwa kasisi na kuipeleka nje, mvua ikinyesha. Hasira na mvuto vinaonekana pamoja katika nyuso zilizokaribiana. Filamu hiyo pia ina tukio dogo ambalo watazamaji wengi hulikumbuka: Darcy anamsaidia Elizabeth kupanda gari la farasi, kisha anapoondoka kamera inauonyesha mkono wake ukijinyoosha, kana kwamba umeungua. Sekunde chache tu zinafanya kazi ya sura ya sita. Lakini kilichopungua ni ile safari ya Elizabeth ya kupima ushahidi, na mtazamaji asiyejua riwaya anaweza kudhani kwamba ugomvi wenyewe ndio uliozaa mapenzi.

Filamu ya mwaka wa 1940 ilifanya badiliko la hatari zaidi. Katika riwaya, shangazi yake Darcy, Bi. Catherine, anamjia Elizabeth kumlazimisha aahidi kwamba hataolewa na mpwawe. Elizabeth anakataa katakata, na habari hiyo inamfikia Darcy na kumpa tumaini. Ni kinaya kizuri: adui wa mapenzi anakuwa mjumbe wake. Katika filamu hiyo, shangazi huyo anashirikiana na Darcy na anamjaribu tu Elizabeth. Tukio linachekesha, lakini uthabiti wa Elizabeth umegeuzwa kuwa mtihani uliotungwa na wengine.

Yapo pia matoleo yaliyohamisha mazingira. Gurinder Chadha, mwelekezi aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1960, alitengeneza filamu ya Bride and Prejudice mwaka wa 2004. Elizabeth amekuwa Lalita wa Amritsar, India, naye Darcy ni Mmarekani tajiri wa biashara ya hoteli. Chadha alitambua kwamba pengo la kitabaka la Uingereza ya 1813 halingemgusa sana mtazamaji wa leo, akaliweka pengo la mataifa. Darcy anaiona India kwa jicho la mgeni mwenye fedha, na Lalita anamjibu. Majivuno na dhana potovu vimepata chanzo kipya ambacho mtazamaji wa Nairobi au Mombasa anakielewa upesi. Hili linathibitisha kwamba motifu ni kama mtungi. Umbo hubaki, maji hubadilika.

Mipaka ya motifu

Sasa turudi kwenye hatari. Si kila hadithi ya mahasimu wanaopendana ni salama kuigwa. Katika tamthilia ya Shakespeare, The Taming of the Shrew, Petruchio anamnyima mkewe Katherina chakula na usingizi hadi amtii. Hapa pia tuna wawili waliogombana mwanzoni na kuonekana wamepatana mwishoni. Lakini anayebadilika ni mmoja, naye amebadilishwa kwa njaa. Wahakiki wamebishana sana kuhusu namna ya kuisoma tamthilia hiyo, na waigizaji wa leo huhangaika na hotuba ya mwisho ya Katherina. Kinachohitajika darasani ni kuona kwamba umbo la nje linafanana na la Austen ilhali kiini kinatofautiana.

Utatambuaje tofauti? Jiulize maswali matatu unaposoma au kutazama. Je, uhasama ulitokana na kutoelewana kunakoweza kusahihishwa, au ni ukatili wa kweli? Ukatili hausahihishwi kwa kuelezwa. Wickham alipoelezwa vizuri alizidi kuwa mbaya. Je, kila upande una uwezo wa kujibu na kukataa bila kuadhibiwa? Elizabeth alikataa, na Darcy akaondoka. Je, aliyekosea amebadilika kabla ya kukubaliwa, au anakubaliwa kwanza kwa matumaini kwamba atabadilika? Kazi ambayo jibu lake ni baya katika maswali haya inaweza kuwa na nyimbo nzuri na waigizaji warembo, lakini inauza dharau kwa bei ya mapenzi.

Hata riwaya ya Austen yenyewe haikosi la kuhojiwa. Elizabeth mwenyewe anatania kwamba alianza kumpenda Darcy alipoiona ardhi yake nzuri ya Pemberley. Ni mzaha, lakini mzaha wenye mfupa. Je, tungefurahia kiasi kile kile iwapo Darcy aliyebadilika angekuwa maskini? Mtahiniwa mwenye ujasiri anaweza kujenga hoja hapo. Sehemu ya raha ya motifu hii ni kwamba hutupa vyote viwili, heshima na mali, ilhali maisha, kama Charlotte ajuavyo, mara nyingi hutaka tuchague kimoja.

Kwa mwanafunzi wangu

Lau ningepata tena daftari lile, nisingeandika 'Si kweli.' Ningeandika: 'Umeona mwanzo wa hadithi, sasa nionyeshe katikati yake.' Hadithi tamu huanza na tusi, hilo ni kweli. Lakini haiwi tamu kwa sababu ya tusi. Inakuwa tamu kwa sababu aliyetukana alikataliwa, akajiona, akatenda wema gizani, akarudi bila kudai. Mvulana anayemtukana msichana mbele ya watu yuko kwenye sura ya tatu tu, na hakuna ajuaye kama yeye ni Darcy au Wickham. Tena kumbuka kwamba Wickham ndiye aliyezungumza kwa upole. Kwa hiyo wala ukali wala upole si ushahidi. Ushahidi ni matendo, tena yale yasiyo na mashahidi.

Ninapofunza motifu hii siku hizi, nawaomba wanafunzi wachukue filamu yoyote ya mapenzi waipendayo na kutafuta ndani yake vitu vitatu: posa au tendo linalokataliwa, wakati wa kusoma upya, na tendo la siri. Wengi hupata cha kwanza. Wachache hupata cha pili. Wanapokosa cha tatu huwa wananyamaza kidogo, kisha mmoja husema, 'Kumbe huyu hakubadilika, mwalimu.' Hapo somo limeingia.

Maswali ya mazoezi

1. 'Katika hadithi ya mahasimu wanaopendana, kukataliwa ni muhimu kuliko kukubaliwa.' Jadili ukirejelea riwaya au filamu yoyote uliyoisoma au kuitazama.

2. Tofautisha motifu ya wapenzi wanaotenganishwa na koo zao na ile ya wapenzi wanaotenganishwa na dhana zao wenyewe. Onyesha jinsi kila motifu inavyojenga taharuki.

3. Eleza jinsi mwandishi anavyoweza kumtumia mhusika mdogo, kama vile Charlotte, kuonyesha gharama ya uamuzi wa mhusika mkuu.